Ripoti ya wiki ya gharama za chakula mgahawani: asilimia inaruka kutoka 24 hadi 37, shida iko wapi?

MenejaSinza
Wakuu, habari za jioni. Nasimamia mgahawa mmoja maeneo ya Sinza: chipsi kuku, wali, samaki wa kukaanga, na Ijumaa biriani. Bosi anataka kila Jumatatu asubuhi nimpe karatasi moja inayoonyesha chakula kimekula asilimia ngapi ya mauzo, na kiasi gani kimepotea. Ninachofanya ni kujumlisha risiti zote za manunuzi ya wiki, kisha nagawa kwa mauzo ya chakula yanayotoka kwenye mashine. Vinywaji nimeshavitenga.

Wiki iliyopita manunuzi yalikuwa 2,640,000, mauzo ya chakula 7,080,000. Inatoka 37.3. Wiki ya nyuma yake ilikuwa 24.6. Menyu ni ile ile, mpishi ni yule yule, wateja hawajabadilika sana. Bosi ananiuliza nani ameiba ile tofauti na sina jibu. Mnaojua haya mambo nisaidieni.

Kidume cha Mbeya
37 ni kubwa mno, mkuu. Mgahawa wa kueleweka unatakiwa uwe kwenye 30, ukizidi sana 33. Pandisha bei ya sahani kwa 1,000 tu uone itakavyoshuka. Na hao wapishi wakague mifuko wakati wa kutoka.

Mtunza Vitabu
Kwani mashine ya EFD haikupi ripoti ya Z kila siku? Jumlisha Z saba za wiki, umemaliza. Kwa upande wa mauzo, TRA nao wanaziona hizo hizo.

MenejaSinza
Mtunza Vitabu, shida yangu siyo TRA. Mauzo nayajua. Nataka kujua chakula kilichotumika kuzalisha hayo mauzo.

Mzee wa Stoo
Vijana, tulieni kwanza. Nimekaa miaka mingi kwenye hesabu za jikoni katika hoteli za Unguja, na swali hili kila meneja mpya huja nalo.

MenejaSinza, wewe hujapima chakula kilichotumika, umepima pesa iliyotoka. Ukinunua magunia mawili ya mchele Jumamosi, wiki hii inaonekana mbaya, na wiki ijayo inaonekana nzuri kwa sababu unapika mchele ambao ulishaulipia. Hakuna aliyeiba. Ndiyo maana inaruka kama panzi.

Niambie mambo mawili. Je, Jumapili usiku mnahesabu stoo? Na ile 7,080,000 ina VAT ndani au haina?

MenejaSinza
Shikamoo Mzee. Stoo tulianza kuhesabu mwezi huu, ila takwimu zake zimekaa tu kwenye daftari, sikujua zinaingia wapi. Jumapili ya nyuma vilivyokuwepo vilikuwa na thamani ya 620,000. Jumapili hii 1,040,000, kwa sababu kuna gunia la mchele halijaguswa, jingine limefunguliwa juzi, na mafuta ya kupikia. Mauzo ni pamoja na VAT, maana bei za menyu yetu zina VAT ndani.

Mzee wa Stoo
Marahaba. Sasa tuna kitu cha kushika.

Ulichoanza nacho, ongeza ulichonunua, toa kilichobaki. 620,000 na 2,640,000, toa 1,040,000: chakula kilichotumika ni 2,220,000. Mauzo yako ya kweli ni 7,080,000 gawanya kwa 1.18, yaani 6,000,000, kwa sababu ile 18 kwa mia si yako, wewe umeishikia tu serikali. 2,220,000 kwa 6,000,000 ni asilimia 37.0 kamili.

Kwenye Excel, B2 ikiwa stoo ya mwanzo, B3 manunuzi, B4 stoo ya mwisho, B5 mauzo ya mashine:

```
=(B2+B3-B4)/(B5/1.18)
```

Kidume cha Mbeya
Hahaha, Mzee, umezunguka kote huko umerudi kwenye 37 ile ile aliyokuja nayo! Sasa kuhesabu stoo usiku wa manane kuna faida gani?

Mzee wa Stoo
Kidume, umeuliza vizuri hata kama umeuliza kwa kejeli. Imekutana kwa bahati. Alisahau kwamba stoo imeongezeka kwa 420,000, hilo likaipandisha asilimia. Alisahau kutoa VAT, hilo likaishusha. Makosa mawili yakafutana wiki hii. Wiki ya nyuma hayakufutana, ikatoka 24.6, na hakuna jiko la kuku na samaki la kupika kwa 24.6 kwa bei za menyu za Sinza. Bosi aliifurahia, ila ilikuwa uongo.

Na hiyo 30 yako haitoki kokote. Anayeuza supu na chapati ana yake, anayeuza kamba na pweza ana yake. Swali la MenejaSinza si kama 37 ni kubwa kuliko ya jirani. Swali ni: kwa sahani alizouza yeye wiki ile, kwa mapishi yake yeye, ilitakiwa iwe ngapi?

Dada Pilau
Mimi napika kwa oda za shughuli huku Tanga. Sina mashine wala stoo, nanunua kwa shughuli moja moja. Wakisema watu 200 nanunua vya watu 200, kikibaki kinabebwa na wenye shughuli. Hizi asilimia za wiki zinanihusu kweli?

Mzee wa Stoo
Dada Pilau, wewe kila shughuli ni wiki yako. Stoo yako ya mwanzo na ya mwisho ni karibu na sifuri, kwa hiyo risiti zako zinatosha. Umebarikiwa. Angalia tu viungo na mafuta yanayohama kutoka shughuli moja kwenda nyingine.

MenejaSinza
Mzee, hiyo ya "ilitakiwa iwe ngapi" ninayo nusu nusu. Bosi aliwahi kumleta mtu akatengeneza kadi za mapishi, kila sahani na gharama yake. Nimechukua idadi ya sahani zilizouzwa kwenye mashine nikazidisha na gharama ya kila kadi:

```
=SUMPRODUCT(C2:C25, D2:D25)
```

C ni idadi iliyouzwa, D ni gharama ya sahani moja. Imetoka 1,950,000, yaani asilimia 32.5. Kwa hiyo 270,000 haionekani. Tuna pia daftari la vilivyoharibika ambalo mpishi mkuu anaandika: wiki ile ni 72,000. Nikijumlisha 72,000 kwenye ile 2,220,000 napata asilimia 38 na kitu. Hiyo ndiyo nimpe bosi?

Kijana wa Nyali
Hapana ndugu, usiijumlishe. Mimi niko Mombasa na hili lilitusumbua sana. Nyanya iliyooza imeshatoka stoo, na tayari imo kwenye ile 2,220,000. Ukiiongeza tena unaihesabu mara mbili. Daftari la uharibifu linaeleza sehemu ya ile 270,000, halikai juu yake. (Sisi VAT yetu ni 16, kwa hiyo msomaji wa Kenya agawanye kwa 1.16.)

Mzee wa Stoo
Kijana wa Nyali yuko sahihi. 270,000 toa 72,000, zinabaki 198,000 zisizo na maelezo. Na hapa ndipo mameneja wengi hukimbilia kukagua mifuko. Usikague mifuko kwanza, kagua kadi. Mara nyingi kadi ndiyo inayodanganya.

Chukua kitu kimoja kinachohesabika kwa vichwa. Kwako ni kuku. Usihesabu shilingi, hesabu kuku. Jumapili ya kwanza walikuwa wangapi, wameingia wangapi, Jumapili ya pili wamebaki wangapi, na mashine imeuza robo ngapi na nusu ngapi.

MenejaSinza
Nimekaa na mtunza stoo leo mchana tumepekua. Kuku wa kisasa, tunanunua Shekilango, wiki ile kwa 8,000 mmoja.

Walikuwepo 14, wameingia 120, wamebaki 22. Wametumika 112.
Mashine imeuza robo 310 na nusu 48. Hiyo ni kuku 77 na nusu, jumlisha 24, jumla 101 na nusu.
Wamepungua kuku 10 na nusu. Daftari la uharibifu lina wawili, friza ilizimika usiku wa Jumanne.

Wanane na nusu ni robo 34, Mzee. Robo 34! Nimemwita mpishi, tumegombana.

Mzee wa Stoo
Punguza hasira. Biriani ya Ijumaa ni ya nyama au ya kuku?

MenejaSinza
Ya kuku. Robo moja kila sahani.

Mzee wa Stoo
Ina kadi?

MenejaSinza
...Haina. Ilianza baada ya yule mtu wa kadi kuondoka. Ijumaa ile tuliuza sahani 20.

Mzee wa Stoo
Hao ni kuku watano. Mwombe mpishi radhi kwa hao watano. Waliobaki bila maelezo ni watatu na nusu.

Na si kuku peke yao. Sahani 20 za biriani zimeuzwa, mauzo yake yamo, lakini mchele wake, viungo vyake na kuku wake havimo kwenye ile 1,950,000. Mkae na mpishi mpige gharama ya sahani moja. Kila sahani mpya ikiingia kwenye mashine bila kadi, ripoti yako inasema mmeibiwa.

Mtunza Vitabu
Sasa naelewa, nilidhani ni mambo ya kodi. Nina swali: manunuzi ya sokoni yasiyo na risiti unayaingizaje? Kariakoo nani anakupa risiti ya bamia?

Mzee wa Stoo
Karatasi ya kupokelea mzigo. Mzigo ukifika mlangoni unapimwa, uzito na bei vinaandikwa, aliyeleta na aliyepokea wanasaini. Tarehe ni ile mzigo ulipoingia, siyo siku uliyolipa. Muuza samaki akikukopesha Jumamosi na ukamlipa Jumanne, samaki yule ni wa wiki ya Jumamosi.

MenejaSinza
Tumepiga gharama ya biriani: 3,500 kwa sahani. Mara 20 ni 70,000. Bado natafuta nyingine.

Kijana wa Nyali
Angalia viazi. Kadi yako ya chipsi inasema gramu ngapi? Na hizo gramu ni kabla ya kumenya au baada?

MenejaSinza
Kadi inasema gramu 300. Nimemuuliza mpishi, anasema anapima vikiwa vimeshamenywa na kukatwa, kabla ya kukaanga.

Kijana wa Nyali
Umeona? Hapo umenunua viazi na maganda, ila kadi inahesabu viazi bila maganda. Kesho pima kilo kumi kama zilivyotoka kwenye gunia, mpe mtu yule yule anayemenya kila siku, kisha pima vilivyobaki tayari kukaangwa. Usimenye mwenyewe, wewe utamenya kwa uangalifu kuliko kawaida na jibu litakuwa zuri mno.

MenejaSinza
Nimepima leo asubuhi. Kilo 10 zimetoka kilo 7.8. Mengine ni maganda, vyenye macho, na vipande vidogo vya pembeni ambavyo mpishi hapendi kuvikaanga.

Kwa hiyo gramu 300 kwenye sahani zinahitaji gramu 385 hivi kutoka kwenye gunia. Sahani za chipsi zilikuwa 520. Kadi ilisema tumetumia kilo 156, kumbe ni kilo 200. Kilo 44 kwa 1,000 ni 44,000.

Kidume cha Mbeya
Na gunia je? Mnanunua lumbesa au gunia la kupimwa? Maana huku shambani kwetu gunia moja la lumbesa na jingine hayafanani hata kidogo. Ukigawa bei kwa kilo 100 za kufikirika, bei yako ya kilo nayo ni ya kufikirika.

Mzee wa Stoo
Hapo Kidume umenena. Gunia lipandishwe kwenye mizani mlangoni, bei ya kilo itoke hapo.

MenejaSinza
Nimeirudia yote.

Kadi baada ya kuongeza biriani na maganda: 1,950,000 + 70,000 + 44,000 = 2,064,000. Hiyo ni asilimia 34.4.
Kilichotumika: 2,220,000, asilimia 37.0.
Pengo: 156,000, yaani 2.6.
Ndani yake daftari la uharibifu 72,000, yaani 1.2.
Pasipojulikana: 84,000, yaani 1.4. Humo kuna wale kuku watatu na nusu, 28,000.

Bosi ameiona. Ameuliza swali moja tu: hizo 84,000 ni nani.

Kidume cha Mbeya
Mimi bado nasema mifuko.

Mzee wa Stoo
Inawezekana. Lakini kabla ya hapo fungua kwenye mashine orodha ya oda zilizofutwa. Kuku akitoka jikoni, mteja akala, halafu mhudumu akaifuta oda na pesa akabaki nayo, stoo inaonyesha kuku katoka na mashine haijui kitu. Hapo mpishi hana kosa lolote. Linganisha saa ya kufutwa na tiketi iliyotundikwa jikoni. Oda iliyofutwa dakika moja baada ya kuandikwa ni kosa la kidole. Iliyofutwa dakika arobaini baadaye, chakula kimeshaliwa.

Na jambo jingine: wafanyakazi wanakula nini?

MenejaSinza
Tuko tisa. Mchana ugali maharage, siku nyingine dagaa. Vinatoka stoo hiyo hiyo, haviandikwi.

Kijana wa Nyali
Sisi tunaviandika kila siku kwenye karatasi yake na tunavitoa kwenye gharama ya chakula, tunavipeleka upande wa gharama za wafanyakazi. Siyo chakula kilichouzwa.

Mzee wa Stoo
Mimi sikubaliani na kuvitoa. Viandike, ndiyo, ili visionekane kama wizi, ila viache ndani ya asilimia. Ukivitoa, kila kilichopotea jikoni kitaanza kuitwa "chakula cha wafanyakazi". Nimeona dagaa za watu tisa zikiandikwa kilo sita kwa siku.

Kijana wa Nyali
Mzee, hiyo ni shida ya kusimamia karatasi, siyo ya hesabu. Mimi siwezi kumlaumu mpishi kwa maharage ambayo mwenye hoteli mwenyewe ameamua watu wale.

Dada Pilau
Na chakula kinachobaki kwenye sahani za wateja? Mimi nikikiona kwenye shughuli roho inauma. Hicho hakiingii kwenye uharibifu?

Mzee wa Stoo
Hakiingii, dada, kwa sababu kimeshauzwa na kimeshalipiwa. Daftari la uharibifu ni la vilivyooza stoo, vilivyoungua, vilivyorudishwa na mteja, na vilivyopikwa visiuzwe. Lakini ukiona wali unarudi nusu sahani kila siku, shida iko kwenye kadi: unagawa wali mwingi kuliko watu wanavyokula.

MenejaSinza
Na mafuta ya kukaangia? Kadi zina mililita 30 kwa sahani, ila naona ni namba ya kubuni. Tunabadilisha mafuta mpishi akiona yameanza kutoa povu na kuwa meusi.

Kijana wa Nyali
Sisi tumeyatoa kwenye kadi. Tunaandika lita zilizotumika wiki nzima kama mstari wake, tunalinganisha wiki na wiki.

Mzee wa Stoo
Mimi niliyaacha kwenye kadi na kurekebisha namba kila baada ya miezi kadhaa. Hakuna njia iliyowahi kuniridhisha kabisa. Sehemu inaondoka na chipsi, sehemu inamwagwa, na siku ya kumwaga inaharibu wiki hiyo.

MenejaSinza
Wakuu, narudi na ripoti ya wiki mpya. Oda zilizofutwa nimezipitia, kuna tatu za jioni moja ambazo zina harufu, mhudumu nimezungumza naye na sasa kufuta oda ni lazima niweke namba yangu ya siri. Biriani ina kadi, viazi vinapimwa.

Pengo limeshuka hadi 0.9. Bosi ameshangilia. Ila kuku wamenichanganya: mashine pamoja na biriani inasema wameuzwa kuku 103, stoo inasema wametumika 97. Tumetumia pungufu ya tulichouza! Mpishi anasema ni ubunifu wake.

Kidume cha Mbeya
Mpe bonasi huyo mpishi, hahaha.

Mzee wa Stoo
Usimpe bonasi bado. Pengo hasi linanitia shaka kuliko pengo chanya, kwa sababu robo haiwezi kuuzwa kabla ya kuku kuchinjwa. Kuna mambo matatu ya kuangalia. Kwanza, kuku walioingia bila karatasi. Pili, Jumapili mmehesabu friza moja mara mbili, hasa kama aliyehesabu ni mmoja na hakuna aliyeandika pembeni. Tatu, ambalo ni baya zaidi: kuku mmoja anatoa vipande vitano badala ya vinne, na wateja wanalipia robo isiyo robo. Hilo la tatu linaonekana kwenye mizani. Chukua robo kumi zilizokatwa tayari uzipime. Na kumbuka hiyo 0.9 imesaidiwa na hao sita. Wakipatikana, pengo lako linapanda tena.

MenejaSinza
La kwanza nimelipata nusu. Muuza kuku anasema Alhamisi aliacha kuku wanne kwa mkopo, akampa karatasi kijana wa jikoni. Karatasi imepatikana kwenye mfuko wa aproni. Wanne hao ni 32,000 ambazo hazikuwa kwenye manunuzi, naziingiza wiki hiyo hiyo.

Wawili bado. Kesho asubuhi napima robo kabla mpishi hajafika.

Kijana wa Nyali
Pima akiwa amefika, mbele yake. Na utuletee namba hapa.